Mhariri anataka makala ya bure kwa toleo la Nane Nane. Nikatae vipi ili aniagize kwa malipo?

Sekela wa Uyole

Wakuu salaam. Niko Mbeya, upande wa Uyole. Nimesomea kilimo, na kwa miaka kadhaa sasa naandikia magazeti na mashirika makala za viazi mviringo, parachichi na mahindi. Hiyo ndiyo kazi inayonilipia kodi ya nyumba na ada ya mtoto.

Juzi mhariri wa jarida moja la kilimo la Dar kanitumia ujumbe. Kasoma makala yangu ya mbegu za viazi, kaipenda, anataka niwaandikie nyingine ya maneno 1,200 kwa toleo lao la Nane Nane. Mada ni kwa nini ugonjwa wa mnyauko wa viazi hauishi kwenye mashamba ya huku kwetu. Anataka na picha nne. Mwishoni kabisa ndipo kasema: "Kwa sasa hatuna bajeti ya waandishi wa nje, ila tutaweka jina lako na namba yako ya simu, utapata wateja."

Bure sitaandika, hilo nimeshaamua. Makala hii haiandikwi mezani. Napanda gari hadi Isyonje, nachukua bodaboda kuingia mashambani, naongea na wakulima waliopoteza zao, halafu namtafuta mtaalamu wa mbegu athibitishe nilichoambiwa. Nauli, boda na bando vinafika kama 40,000 kabla sijaandika neno la kwanza.

Shida yangu ni jibu. Jarida ni zuri, linasomwa, na huyu kaka anaonekana muungwana. Nataka ujumbe uleule unaomwambia bure hapana umfanye aniagize kwa malipo. Rasimu yangu ni hii:

"Habari kaka. Samahani sana kwa kuchelewa kujibu. Nimefurahi sana mlivyonifikiria na natamani kuwaandikia. Bahati mbaya kwa sasa nimebanwa kidogo na kazi nyingine, pia maisha yamepanda na nauli ziko juu, kwa hiyo nitashindwa kuandika bila malipo yoyote. Mkipata chochote kidogo siku za mbele naomba mnikumbuke. Samahani tena."

Mnaionaje? Kama humu kuna aliyewahi kukaa kwenye kiti cha uhariri, namwomba zaidi. Nawasilisha.

Mbao za Mafinga

Dada Sekela, rasimu ina heshima, itume. Nitoe tu neno moja la biashara: usitaje bei. Mimi nauza mbao, na mteja ukimtajia bei kabla hajauliza anaondoka. Mwache atamke yeye, wewe upandishie hapo. Akiuliza unatozaje, mpigie kwa neno. Maneno 1,200 kwa shilingi 200 ni 240,000, hesabu imeisha.

Kijana wa Mwanjelwa

Mimi nina mawazo tofauti kidogo, dada yangu usikasirike. Nimemaliza chuo, sina jina. Niliandika bure kwenye tovuti moja, na kupitia kazi ile nikapata kazi ya kuandikia mradi wa maji. Nisingekubali bure, nani angenijua? Labda ungeandika hii moja, halafu ya pili ndiyo uwatoze.

Mama Parachichi, Tukuyu

Pole sana mwanangu, hao watu hawalipi. Mimi chama chetu kiliniomba niandike habari za parachichi kwa kijarida cha mdau mmoja, tukakubaliana kwa simu, wakachapa na picha yangu wakaweka. Kila nikipiga naambiwa mhasibu yuko safarini. Nenda kwa mtendaji wa kata ukaandikishe malalamiko mapema, usisubiri kama mimi.

Sekela wa Uyole

Mama shikamoo, na pole kwa hilo. Ila mimi hawanidai wala siwadai, makala bado haijaandikwa. Ndio kwanza ameniomba.

Kijana, sijakasirika hata kidogo. Ila yeye kanitafuta kwa sababu kazi yangu ameshaisoma. Nikiandika hii ataona nini kipya?

Kalamu ya Gangilonga

Kamwene wote. Nimekaa chumba cha habari Dar miaka mingi kabla ya kurudi Iringa, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kutuma ujumbe kama huo uliotumiwa. Nitakwambia unavyosomwa ukifika upande wa pili.

Anza na hiyo sentensi ya "nimebanwa kidogo na kazi". Mhariri akiisoma anaelewa kwamba tatizo ni muda. Basi atakuandikia mwezi ujao: "Dada, sasa hivi umepata nafasi?" Na ombi litakuwa lilelile la bure, kwa sababu hukumwambia kwamba bure ndiyo shida. Maisha kupanda na nauli kuwa juu navyo viondoe. Vinamwonyesha kwamba akikutumia nauli tu utaandika, na wapo watakaofanya hivyo: watakurushia 40,000 yako ya Isyonje na kuhesabu wamekulipa.

Halafu "chochote kidogo". Hapo umeshajipangia bei, na umeipanga chini. Ukija kutaja 250,000 atashangaa, na atakuwa na haki ya kushangaa.

Sasa la muhimu zaidi, ambalo waandishi wengi wa nje hawalijui. Mhariri anaposema hana bajeti, mara nyingi hadanganyi. Toleo la Nane Nane lina matangazo ya pembejeo na matrekta, ndiyo, hela inaingia. Lakini ile hela haikai kwenye meza yake. Yeye anapewa kurasa za kujaza na fungu dogo la waandishi wa nje, ambalo pengine limeshatajwa kwa wengine au halikuwekwa kabisa. Akitaka zaidi lazima aende kwa meneja au mhasibu akaombe. Kwa hiyo usimlaumu, usimhubirie kuhusu thamani ya uandishi. Mpe kitu cha kwenda nacho.

Jibu lako liandike ukijua kwamba litatumwa kwa mtu wa tatu ambaye hakujui na hajawahi kusoma makala yako. Huyo ndiye anayesema ndiyo au hapana. Akifungua akute samahani mbili, atafunga. Akikuta mada, urefu, bei na tarehe, anaweza kuidhinisha palepale.

Naomba unijibu mambo matatu nikuandikie: unataka shilingi ngapi, picha unazitoza pembeni au humohumo, na ukipewa kazi leo unamaliza lini?

Mbao za Mafinga

Kaka Kalamu, kwa hiyo unasema ataje bei mwenyewe? Hapo sikubaliani.

Kalamu ya Gangilonga

Kwa mbao uko sahihi, mteja yupo mbele yako na ameshika pesa. Huyu mhariri hayuko sokoni, yeye mwenyewe alikuja akiwa na sifuri. Ukimwachia atamke, atasema "tunaweza kukuwezesha 50,000", na kuanzia hapo kila mazungumzo yataizunguka 50,000. Ila nakubali kuna wahariri ambao ukikaa kimya wanataja zaidi ya ulivyotegemea. Nimewaona, si wengi.

Kutoza kwa neno, kwa kazi ya kwenda shambani naipinga. Kwa mtu anayeandika maoni yake akiwa nyumbani inafaa. Lakini wakisema "tupunguzie hadi maneno 600", kwa hesabu yako Sekela anabaki na 120,000, wakati Isyonje ameshafika na wakulima ameshawahoji. Safari haipungui kwa kupunguza maneno. Bei iwe ya makala nzima.

Sekela wa Uyole

Ahsante sana kaka. Majibu: 250,000 kwa makala, nauli ikiwa ndani. Picha nazitoza pembeni, 80,000 kwa zote nne, maana kupiga jani lenye ugonjwa likaonekana vizuri ni kazi nyingine. Nikipewa kazi nahitaji wiki mbili.

Kalamu ya Gangilonga

Vizuri. Nane Nane ni tarehe 8 Agosti. Jarida litakaloonekana pale viwanja vya John Mwakangale lazima liwe limetoka kiwandani siku kadhaa kabla, kwa hiyo makala wataihitaji Julai. Jaribu hivi:

"Habari za kazi kaka,

Ahsante kwa kusoma makala yangu ya mbegu na kwa kunifikiria kwenye toleo la Nane Nane. Makala za shambani naziandika kwa malipo, kwa hiyo hii sitaiandika bure.

Ningependa kuwafanyia kazi hii kwa kuagizwa. Ninachopendekeza ni makala ya maneno 1,200 kuhusu kwa nini mnyauko unarudi hata kwa mkulima aliyenunua mbegu mpya, ikiwa na mahojiano ya wakulima wa Isyonje na Igoma pamoja na mtaalamu wa mbegu. Malipo ni shilingi 250,000, gharama za safari zikiwemo. Picha nne ni shilingi 80,000 zaidi mkizihitaji. Bei hii ni ya kuchapishwa mara moja kwenye jarida na kwenye tovuti yenu.

Nikipata uthibitisho kwa barua pepe kabla ya tarehe 5 Julai, nitaikabidhi tarehe 19 Julai. Kama fungu la toleo hili limeshafungwa, naomba unijulishe mnapopanga kurasa za toleo linalofuata nilete mapendekezo mapema.

Kazi njema,
Sekela"

Ona kukataa kumechukua sentensi moja, na haina samahani. Haina "kwa sasa" pia, kwa hiyo hawezi kusubiri "sasa" ipite. Kisha ujumbe unahama haraka kwenda kwenye kazi yenyewe, na sehemu kubwa ya maneno ni ya kazi. Yule meneja akiletewa, anasoma aya ya pili na ya tatu, anajua analipia nini.

Angalia pia nilichokiacha. Nimetaja swali ambalo makala italijibu, jibu sijalitaja. Usimweleze mnyauko unarudije, wala usimtajie mtaalamu wako ni nani. Ukishayaweka hayo kwenye ujumbe, mtu yeyote wa dawatini anaweza kupiga simu mbili akaandika mwenyewe.

Kijana wa Mwanjelwa

Hii nzuri, nimeihifadhi. Lakini kaka, kwa mtu kama mimi nisiye na makala ya kuonyesha, nikitaja 250,000 si watanicheka?

Kalamu ya Gangilonga

Kijana, swali lako ni gumu na sitajifanya nina jibu la moja kwa moja. Sampuli unazihitaji, na mwanzoni hakuna wa kukulipa. Ninachoshauri ni kwamba sampuli uziandike kwa kuchagua mwenyewe, kwenye ukurasa wako, mada yako, muda wako. Hapo kazi inabaki yako, na jarida likija unalielekeza ikasome. Lakini jarida linalouza matangazo likikupangia mada, urefu, tarehe na picha, hiyo ni oda. Oda ina bei hata kama ni ndogo.

Kijana wa Mwanjelwa

Mimi bado naona ile ya bure ilinisaidia. Ila nimekuelewa.

Mama Parachichi, Tukuyu

Kalamu baba, na mimi ambaye tulikubaliana kwa simu? Sina barua pepe yoyote.

Kalamu ya Gangilonga

Mama, tafuta ujumbe wowote wa simu unaotaja ile kazi, hata ule wa kukuuliza picha. Kisha waandikie ankara: jina lako, kichwa cha makala, toleo lililochapishwa, kiasi mlichokubaliana, tarehe. Ipeleke kwa mhasibu moja kwa moja, nakala kwa aliyekuagiza. Mhasibu hawezi kulipa stori ya simu hata akitaka, anahitaji karatasi ya kuambatanisha. Huenda bado wakakuzungusha, lakini angalau watakuwa na kitu cha kukuzungushia.

Na ndiyo maana kwa Sekela nimeandika "uthibitisho kwa barua pepe". Asipande gari la Isyonje kwa maneno ya simu.

Mkulima wa Igoma

Habari zenu. Nimeona mnaongelea mnyauko. Viazi vyangu vinalala mchana kama vimekosa maji na mvua ipo. Jirani anasema ni ukungu nipige dawa. Nimeshapiga mara mbili. Dada Sekela nisaidie.

Sekela wa Uyole

Kaka yangu, usipige tena kabla hujajua ni nini. Kata shina la mche ulionyauka, karibu na udongo. Chukua glasi ya kioo yenye maji safi, lishike hilo shina ncha yake iliyokatwa iguse maji, usilitikise. Subiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka polepole ndani ya maji, huo ni mnyauko bakteria, na dawa za ukungu haziugusi. Ng'oa mche pamoja na udongo unaouzunguka, utoe nje ya shamba, na msimu ujao usirudishe viazi wala nyanya hapo, weka mahindi au ngano. Mbegu usihifadhi kutoka shamba hilo hata kama viazi vinaonekana vizima. Nyuzi zisipotoka, mtafute afisa ugani aje aone mwenyewe, yawezekana ni kitu kingine.

Mkulima wa Igoma

Ndaga fijo. Nafanya kesho asubuhi.

Mbao za Mafinga

Sasa hapo si umeandika bure dada?

Sekela wa Uyole

Huyu ni mkulima na shamba lake linakufa, kaka. Yeye hauzi kurasa za matangazo. Wakulima kama yeye ndio wanaonipa habari, na siwezi kumdai mtu ninayemwendea shambani kwake ananikaribisha chai. Ninayemtoza ni mwenye jarida.

Ujumbe wa Kalamu nimeutuma kama ulivyo. Nitarudi.

Sekela wa Uyole

Wakuu, mrejesho. Kanipigia simu, hakujibu kwa maandishi. Mpole sana. Kasema bei ameiona na ameipeleka juu, lakini akasema: "Kama itashindikana, basi tukuhoji tu. Nitakutumia maswali kumi, uyajibu kwa maandishi." Nimemwambia nitafikiria. Hapo nifanyeje?

Kalamu ya Gangilonga

Kuhojiwa siyo jambo baya. Chanzo cha habari halipwi, na wewe mwenyewe wakulima wako huwalipi. Kwa hiyo ukikataa mahojiano kabisa utakuwa unamkatalia kitu ambacho na wewe unakiomba kila siku.

Lakini maswali kumi yajibiwe kwa maandishi, hayo si mahojiano. Kila jibu likiwa na maneno 120 umeshaandika zile 1,200 zake, na zitachapwa kama ulivyozituma huku juu pameandikwa jina la mtu mwingine. Mwambie: "Nakaribisha mahojiano ya simu ya dakika 15, mwandishi wako aulize na aandike mwenyewe. Makala kamili ni ile niliyokutumia bei yake." Basi. Kwenye hizo dakika 15 jibu unayoyajua kama mtaalamu, kama hiyo ya glasi uliyomwambia ndugu wa Igoma, ambayo ni elimu ya kila mtu. Walichokwambia wakulima wako kibakize.

Na akipiga tena kuomba upunguze, punguza kazi pia. Kwa mfano maneno 700, mkulima mmoja, bila picha, 170,000. Ukishusha bei huku kazi ikibaki ileile, anajifunza kwamba ile ya kwanza haikuwa bei yako.

Sekela wa Uyole

Nimemjibu hivyohivyo, nikaongeza na lile pendekezo dogo la 170,000 liwe chaguo la pili. Amekaa kimya siku mbili, leo kaandika kwa barua pepe. Meneja amekubali makala nzima bila picha, 250,000, wana mpigapicha wao. Lakini ana mambo mawili. La kwanza, wanakata kodi ya zuio. La pili, mdhamini wa toleo, ambaye ni muuza pembejeo, anataka kuitoa makala kama kipeperushi cha kugawa viwanjani, na meneja anauliza kama 250,000 inajumuisha hilo.

Kalamu ya Gangilonga

Hongera sana. Zuio kwa huduma kama yako ni asilimia 5, kwa hiyo 12,500 inakatwa na mkononi unapata 237,500. Wape TIN yako na udai cheti cha zuio, kwa sababu hiyo ni kodi yako iliyoshalipwa na utaihitaji ukifanya hesabu za mwaka na TRA. Usikubali makato bila cheti.

La kipeperushi, jibu ni hapana, haijumuishwi. Ndiyo maana tuliandika "kuchapishwa mara moja kwenye jarida na kwenye tovuti yenu". Ulichowauzia ni matumizi hayo tu. Kipeperushi cha muuza pembejeo ni tangazo la biashara yake, na jina lako la kitaalamu litakaa karibu na dawa anayoiuza.

Mbao za Mafinga

Hapo amwambie 500,000. Kampuni ya pembejeo hela wanayo.

Kalamu ya Gangilonga

Kabla ya bei mimi ningeuliza kwanza: nakala ngapi, watabadilisha maneno au watachapa ilivyo, na kwenye karatasi hiyo kutakuwa na jina la dawa gani. Kama ni dawa ya ukungu, makala ya mnyauko bakteria haiwezi kukaa pale kwa bei yoyote.

Sekela wa Uyole

Umeniwahi, na mimi hilo ndilo lililonikaa. Nimemwandikia sasa hivi kwamba makala naikubali kwa masharti ya barua ya kwanza, na kipeperushi tukizungumze peke yake baada ya kuniletea mfano wa karatasi yenyewe. Gari la Isyonje nalipanda Jumatatu.

Mama Parachichi, Tukuyu

Ukipita huko ufike na Tukuyu, mwanangu. Ankara nimeandika, nataka uiangalie kabla sijaituma.